Naomba msaada kusoma jedwali la eksonerasio: je, hii yote ni pesa iliyopotea?

Mwalimu_Katuba
Jambo yenu wote. Mimi ni mwalimu hapa Lubumbashi, na kikundi chetu cha mtaa kimenipa kazi ya kuongea redioni juu ya misamaha ya kodi. Nimepata ile ripoti inayoambatana na bajeti, wanayoita ripoti ya depanse fiskali. Ndani kuna jedwali refu: jina la kodi, kifungu cha sheria, nani anafaidika, kisha safu ya mwisho yenye kiasi cha franki. Mistari mingine kwenye safu hiyo ina kistari tu.

Wenzangu wamekwisha kujumlisha safu yote, wakagawanya kwa bei ya darasa moja, na wanataka niseme: "Serikali imeacha madarasa kadhaa kwa makampuni ya migodi." Moyo wangu unasita. Nikisema hivyo hewani, nitakuwa nimesema ukweli?

Kijana_Kampemba
Mwalimu, sema bila woga. Imeandikwa na serikali yenyewe! Kama mgodi ungelipa, hiyo pesa ingekuwa kwenye hazina. Jumlisha tu.

Deklaran_Kasumbalesa
Kijana, kwa upande wa duane uko sawa. Kwa upande wa TVA, hapana. Nimepitisha mizigo mpakani miaka mingi, acheni niwape mfano wa mashine moja. Namba ni za kupiga hesabu tu.

Mashine ina thamani ya dola 100,000 ikifika Kasumbalesa. Tuseme ushuru wa kawaida kwa mashine ya aina hiyo ni 10%, na mgodi ulioanza kuzalisha unalipa 5% kwa Sheria ya Madini. Hapo serikali imeacha dola 5,000. Hakuna namna mgodi utadai ushuru urudishwe, kwa hiyo hiyo imekwenda kweli.

Sasa tuseme mashine hiyo hiyo imesamehewa TVA pia. TVA ni 16%, na inapigwa juu ya thamani pamoja na ushuru. Anayetengeneza jedwali anachukua 110,000, anazidisha kwa 16%, anapata 17,600. Mstari unasoma: 5,000 na 17,600, jumla 22,600.

Lakini mgodi unauza shaba inje ya nchi, na mauzo ya inje yana TVA ya sifuri. Kama ungelipa zile 17,600 mpakani, ungeziandika kwenye deklarasio yake kama kredi ya TVA na kudai marejesho. Serikali ingezipokea kwa mkono wa kuume na kuzirudisha kwa wa kushoto. Hasara ya kudumu kwenye mashine hiyo ni karibu na 5,000, si 22,600. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha kwa muda TVA ya uagizaji kwa makampuni ya madini kwa sababu hiyo hiyo: madeni ya marejesho yalikuwa yamelundikana.

Kijana_Kampemba
Sawa, mukubwa. Basi mistari yote ya TVA ni hewa, tuifute?

Deklaran_Kasumbalesa
Usifute. Uliza kwanza kila mstari: huyu aliyesamehewa, angeweza kukata hiyo TVA kwenye deklarasio yake? Mgodi unaouza inje, ndiyo. Mtu wa mwisho anayekula au kutumia kitu, hapana. Kwake msamaha ni hasara halisi ya hazina.

Mama_Shule
Jambo. Naona mnazungumza mashine, mimi nina shule ya binafsi. Kwenye jedwali hilo nimesikia karo za shule zimo, eti tumesamehewa TVA. Mbona mimi sijaona hata franki moja? Mwezi wa tisa nimenunua madawati, fakitire iko hapa mezani, mstari wa TVA 16% nimelipa yote. Hiyo pesa yetu inachukuliwa wapi?

Fundi_Hesabu_Lushi
Mama, hakuna bahasha inayotolewa. Msamaha uko kwa wazazi: hauwaongezei 16% juu ya karo. Lakini fakitire yako imegusa jambo muhimu sana, na nashukuru umeileta.

Kwa kuwa karo haina TVA, wewe huna haki ya kukata TVA uliyolipa kwenye madawati. Inabaki kwako, na kimya kimya inaingia kwenye karo. Tuseme kwa mwaka unakusanya karo za dola 40,000. Mtu wa jedwali akizidisha kwa 16% ataandika 6,400. Lakini ukiwa umenunua madawati, chaki, na rangi za dola 10,000, serikali imekwisha kupata 1,600 kutoka kwako. Shule ingekuwa ndani ya TVA, ungezikata hizo 1,600. Kilichoachwa kweli ni 4,800. Basi, Mwalimu, tafuta sehemu inayoeleza namna walivyopiga hesabu. Kama hawakutoa TVA ya manunuzi, mstari wa shule umevimba.

Mama_Shule
Kwa hiyo mimi ndiye ninayelipa, halafu wananiandika kwamba nimesamehewa. Aksanti kwa kunifungua macho, ingawa madawati bado yananiuma.

Mwalimu_Katuba
Na vile vistari? Mwenzangu mmoja anasoma kila kistari kama sifuri.

Fundi_Hesabu_Lushi
Hapo ndipo ningeweka dakika nyingi za redio. Kistari maana yake mara nyingi ni kwamba hawakuweza kupima. Sifuri ni jambo lingine. Chukua Sheria ya Uwekezaji ya 2002: kampuni iliyokubaliwa inasamehewa kodi ya faida, na kwa Lubumbashi muda ni miaka 4, wakati Kinshasa ni 3. Ili kupima mstari huo unahitaji faida ya kampuni. Anayejua hatalipa hana sababu ya kuandika deklarasio kwa uangalifu, na pengine haandiki kabisa. Msamaha mkubwa kuliko yote waweza kukaa nyuma ya kistari kimoja.

Ndiyo maana usilinganishe haraka jumla ya mwaka huu na ya mwaka jana. Hesabu kwanza ni mistari mingapi ilipimwa kila mwaka. Jumla ikipanda kwa sababu vistari kumi vimepata namba, ukarimu haujaongezeka, macho ndiyo yamefunguka.

Deklaran_Kasumbalesa
Mimi na wewe tunatofautiana mahali pamoja, Fundi. Ile 5% ya mgodi, je, ni msamaha au ni sheria ya kawaida ya migodi? Wakichukua Sheria ya Madini kama mfumo wao wa kulinganishia, mstari wote unatoweka kwenye jedwali, na hazina bado imeacha 5,000 zile zile.

Fundi_Hesabu_Lushi
Kwangu ni msamaha, maana jirani anayeleta mashine ile ile kwa kiwanda cha sabuni analipa 10%. Lakini wako wataalamu wanaosema kinyume, kwamba mgodi una mrabaha wake na lazima vyote visomwe pamoja. Muhimu ni ripoti iseme wazi mwanzoni imechagua nini.

Mwalimu_Katuba
Nimerudi kwenye ripoti. Ukurasa wa mfumo wa kulinganishia upo, sikuwa nimeusoma. Nimewaambia wenzangu tunaondoa ile jumla na ile hesabu ya madarasa. Tutasoma mstari wa ushuru wa duane peke yake, kisha tutahesabu vistari mbele ya wasikilizaji. Nimefika 17 na bado niko kwenye ukurasa wa pili. Kuna anayejua kama kampuni zilizopewa kibali cha uwekezaji zinaorodheshwa kwa majina mahali popote?