Aikoni za rangi kwa kazi zilizopitiliza dedlaini kwenye Excel: njia ipi inafaa?

Mratibu_38
Wakuu habari za leo. Nina shiti ya kufuatilia mradi, kazi 38, mstari wa 2 hadi wa 39. Kolamu A ni kazi, B mhusika, C dedlaini, D hali (Haijaanza, Inaendelea, Imeisha). Nataka vile viduara vya taa, nyekundu iliyopitiliza, njano imebaki siku chache, kijani bado iko mbali. Nimeona watu wanafanya kwa njia tatu na kila mmoja anaapa yake ndo yenyewe:

A: unaweka Icon Sets moja kwa moja juu ya kolamu ya dedlaini.
B: unatengeneza kolamu ya pembeni ya siku zilizobaki, aikoni unaziweka huko.
C: unaachana na aikoni, unapaka mstari mzima rangi kwa fomula.

Nilijaribu A, ikaniletea vituko. Kazi ya tarehe 30 Mei imepewa njano na leo ni tarehe 14, halafu za wiki ijayo zimekuwa nyekundu zote wakati hakuna hata moja iliyochelewa. Shida iko wapi?

Pilipili_kichaa
Hiyo ni ya asilimia ya kazi iliyofanyika bwana, andika 0 mpaka 100 kwenye kolamu halafu weka Icon Sets, inakaa vizuri tu. Mi natumia hivyo kila siku na bosi hajawahi kulalamika.

Mratibu_38
Asante ila mi sihitaji asilimia ya kazi iliyofanyika, nataka ijue tarehe imepita au la. Kazi inaweza kuwa 90 na bado imechelewa.

FundiSeli
Mratibu, vituko vyako vina sababu. Icon Sets ukiiweka bila kugusa kitu inakuja na Type ikiwa Percent, yani inachukua tarehe ya mapema kuliko zote na ya mwisho kuliko zote, inagawa hapo katikati mafungu matatu. Haina habari na leo ni tarehe ngapi. Ukiwa na kazi moja ya Desemba mwishoni, hizo za Mei zote zinaonekana "chini" na zinapigwa nyekundu.

Kuitengeneza: Conditional Formatting, Manage Rules, Edit Rule, badilisha Type zote mbili ziwe Formula. Kwenye Value ya kijani weka ya kwanza hapa, ya njano weka ya pili:

```
=TODAY()+4
=TODAY()
```

Kwa hiyo siku 4 na kuendelea kijani, leo mpaka siku 3 njano, iliyobaki nyekundu. A inafanya kazi ukiiweka hivyo. Ila kuna jambo moja itakukwaza: aikoni inaangalia thamani ya seli yake tu, haijui kama kolamu D imeandikwa Imeisha. Kazi uliyoimaliza tarehe 9 itabaki nyekundu milele.

KolamuB
Si unaandika tu hiyo fomula na IF ndani ya Value, =IF(D2="Imeisha",0,TODAY())? Mi naona rahisi

FundiSeli
Jaribu uone. Excel inakukatalia, inasema huruhusiwi relative reference kwenye icon sets.

KolamuB
Weka dola basi, $D$2. Inakubali, nimejaribu sasa hivi.

FundiSeli
Inakubali ndiyo, na hapo ndo mtego ulipo. Ukishaweka $D$2 mistari yote 38 inaangalia hali ya kazi ya kwanza. Nenda kaweke D2 Imeisha uone kitakachotokea kwa zingine.

KolamuB
😂😂 zote kijani. Haya nimekubali.

Dada_Ratiba
Kuna ujanja kwa anayeipenda A. Unaongeza sheria nyingine juu ya ile ya aikoni, ya aina ya fomula, usiipe rangi yoyote, halafu ndani ya Manage Rules unaweka tiki kwenye Stop If True:

```
=$D2="Imeisha"
```

Iwe ya kwanza kwenye orodha. Kazi ikiisha Excel inaishia hapo, haifiki kwenye aikoni, seli inabaki na tarehe yake tu. Mimi nimeitumia muda mrefu kwa sababu sipendi kolamu za ziada, shiti yangu tayari ni pana inabidi kuburuta kulia.

FundiSeli
Ujanja mzuri huo dada, sina ubishi. Mi bado niko B kwa sababu moja tu, rangi huwezi kuihesabu kwa COUNTIF, namba unaweza. Kolamu E:

```
=IF(D2="Imeisha","",C2-TODAY())
```

Halafu Icon Sets juu ya E2:E39, Type ziwe Number, kijani >= 4, njano >= 0. Chukulia leo 14 Mei. Kazi ya tarehe 10 inayoendelea inatoa -4, nyekundu. Ya tarehe 16 inatoa 2, njano. Ya tarehe 30 inatoa 16, kijani. Ya tarehe 9 iliyoisha inatoa utupu na utupu haupewi aikoni. Hutaki kuona namba, weka tiki Show Icon Only. Na meneja akiuliza ngapi zimepitiliza, unamjibu kwa hii:

```
=COUNTIF(E2:E39,"<0")
```

Mratibu_38
Nimefanya B, imekaa safi kabisa, nimeshatuma hadi kwa timu. Shukrani mkuu.

Mratibu_38
Jamani nimerudi. Nimefungua faili asubuhi hii AIKONI ZOTE ZIMEPOTEA. Sio mstari mmoja, zote 38. Sheria bado ipo nimeiona kwenye Manage Rules, E bado ina namba, ila viduara hakuna. Kuna mtu jana jioni aliongeza dedlaini za kazi mbili tatu, sijui aligusa nini

KolamuB
Faili limekorapti hilo, tengeneza jipya ukopi data

Dada_Ratiba
Usikopi kitu kwanza. Angalia kolamu E kama kuna #VALUE! mahali popote.

Mratibu_38
Ipo! E27. Sasa mstari mmoja unaharibu vipi zote?

Dada_Ratiba
Ndivyo Icon Sets ilivyo, seli moja ikiwa na fomula inayotoa kosa, haichori aikoni kwa eneo zima, na haikuambii. Nilishapoteza nusu siku kwa hilo. C27 imeandikwaje?

Mratibu_38
15/5/2025. Iko sawa tu mbona

Dada_Ratiba
Imeegemea kushoto au kulia mwa seli?

Mratibu_38
Kushoto. Zingine ziko kulia. Loh.

FundiSeli
Basi hiyo ni maandishi, sio tarehe. Huyo aliyeongeza kompyuta yake imesetiwa mwezi mbele siku nyuma, na yako pia. Akiandika 15/5/2025, Excel inatafuta mwezi wa 15, haiuoni, inaiacha kama maandishi. Badilisha fomula ya E hivi:

```
=IF(D2="Imeisha","",IF(ISNUMBER(C2),C2-TODAY(),"Tarehe?"))
```

Sasa tarehe mbovu itaandika neno badala ya kosa, aikoni za wengine hazitaguswa. Hata ukisahau kujaza dedlaini itakuandikia hivyo hivyo, ambapo fomula ya mwanzo ingechukua seli tupu kama sifuri na kukupa namba hasi ya maelfu na nyekundu.

Ila hiyo sio inayonitia hofu. Hebu angalia dedlaini zingine alizoingiza mtu huyo huyo, hasa zenye siku ya 12 kushuka chini.

Mratibu_38
Kuna moja C31, kazi ya kuhakiki data, ilitakiwa tarehe 5 mwezi wa 6. Inaonyesha nyekundu -9. Nilidhani nimekosea hesabu mimi

FundiSeli
Ndo hiyo. Aliandika 5/6/2025, mashine yake ikasoma mwezi wa 5 tarehe 6. Ni tarehe halali kwa Excel, ISNUMBER inaipitisha, iko upande wa kulia kama zingine. Imebaki siku 21 halafu shiti inasema imechelewa siku 9. Hakuna fomula itakayokamata hiyo kwa uhakika, cha kufanya badilisha fomati ya kolamu C ionyeshe jina la mwezi, d mmm yyyy, ili anayeandika aone papo hapo kimeingia nini. Zile za maandishi zikiwa nyingi chagua kolamu, Data, Text to Columns, hatua ya tatu chagua Date na DMY.

mgeni_wa_shiti
Samahani naingilia, sisi timu yetu nusu wako Google Sheets. Nilipandisha faili la hivi hivi kule aikoni zikayeyuka zote, nikahangaika kutafuta kosa kwenye fomula kumbe kule hakuna icon sets. Nikaishia kuweka fomati ya namba kwenye kolamu ya siku:

```
[Red][<0]"●";[Color45][<4]"●";[Color10]"●"
```

Ni alama ya kawaida tu inapakwa rangi. Sio nzuri kama zile taa ila inaonekana pande zote mbili.

Pilipili_kichaa
Na C je mbona mmeitupa, mstari mzima ukiwa mwekundu hata aliyesinzia anaona

Dada_Ratiba
Haijatupwa, ila ikipakwa mistari 12 mwekundu kati ya 38 macho yanachoka, hakuna anayesoma tena. Ukiitaka usisahau kuzuia seli tupu, maana bila hiyo kila mstari usio na dedlaini unakuwa mwekundu mpaka chini ya shiti:

```
=AND($C2<>"",$C2<TODAY(),$D2<>"Imeisha")
```

Na zile tarehe za maandishi hapa hazipigi kelele kabisa, Excel inaona maandishi ni makubwa kuliko namba yoyote, kwa hiyo kazi hiyo haitawahi kuwa nyekundu. Kwenye B angalau ulishtuka.

Halafu mkiprinti bila rangi zile taa tatu zote zinakuwa viduara vya kijivu. Chagua seti yenye maumbo tofauti, ile ya duara, pembetatu na almasi. Kwenye timu yetu yuko mwenzetu asiyetofautisha nyekundu na kijani, alikaa kimya miezi kadhaa.

KolamuB
Mi ningetumia NETWORKDAYS badala ya kutoa tu, wikiendi zisihesabiwe, =NETWORKDAYS(TODAY(),C2)

FundiSeli
Sio wazo baya, ila inahesabu na leo yenyewe. Dedlaini ikiwa leo inatoa 1, sio 0, kesho inatoa 2, jana inatoa -2, kwa hiyo ile 4 ya kijani inabidi iwe 5. Na dedlaini ikiangukia Jumamosi, ukifungua faili Jumapili inakupa 0, njano, wakati imeshapita.

KolamuB
Nani anafungua faili Jumapili

Mratibu_38
Mimi 🙋 Naenda na B basi, na maumbo ya dada Ratiba. Nimesharekebisha C31, imekuwa kijani 21. Ila hilo la wikiendi bado sijui, maana kwetu kuna kazi zinaendelea Jumamosi na zingine haziendelei, nadhani itabidi kolamu nyingine tena.