Tupeane uzoefu: uchungu uliokwama na mkojo kuanza kuvuja siku kadhaa baada ya kujifungua

bint_micheweni
Assalam alaykum jamani. Hili nimekaa nalo miaka 6, naliandika leo kwa sababu mdogo wangu ana mimba ya kwanza na nyumbani naskia yaleyale niliyoambiwa mie.

Chupa ilipasuka Jumatano alfajiri, nna miaka 19. Bibi anaezalisha pale mtaani akapima akasema bado, mzazi wa kwanza huchelewa. Alhamisi kutwa uchungu, nasukuma, kichwa kama kinakuja kisha kinarudi. Mkojo ukawa hautoki, nachutama kwenye beseni natoa matone tu, naambiwa mtoto kaubana akitoka na wenyewe utatoka. Gari ikapatikana Ijumaa baada ya sala. Kule mtoto kashafariki, wakamtoa, wakanitia mpira wa mkojo, siku ya 3 wakautoa nikarudi nyumbani nakojoa kama kawaida. Siku ya 6 naamka godoro chapachapa, nikadhani maziwa, nikanusa.

Swali langu ni hili, ilikuaje nikojoe vizuri kwanza ndo baadae pakatoboka? Na wenye yao waeleze.

mkarafuu_77
Pole sana ukhti. Jibu ni rahisi, walikujeruhi walipokuwa wanamtoa mtoto. Shangazi yangu wa Wete nae hivohivo, alipigwa kisu akatoka anavuja, madaktari hao.

mkunga mstaafu
Wa alaykum salaam mwanangu. Nimezalisha miaka 31, Pemba na Unguja, ngoja nikujibu taratibu.

Mkarafuu una ukweli nusu. Kisu kinaweza kugusa kibofu kweli, lakini jeraha la kisu mara nyingi huvuja palepale, siku ileile au ya pili yake. Lako lilisubiri siku 6, na huko kusubiri ndo kunakoonyesha lilianza wapi. Kibofu kimekaa baina ya kichwa cha mtoto na mfupa wa kinena. Kichwa kikikwama, kila uchungu unapokuja nyama ile inabanwa baina ya mifupa miwili, na kikikaa hapohapo damu haipiti hata uchungu ukiachia. Funga uzi kwenye kidole uone kinavofanya, kwanza chekundu, kisha kinapiga weusi, ukiuacha kutwa kidole kinakufa lakini hakianguki siku hiyo. Nyama ya kibofu ni hivohivo. Ilikufa Alhamisi, ikabaki imeziba pahala pake, ndo maana ukakojoa vizuri, kisha ikaoza ikabanduka na tundu likabaki, ndo hilo linaloitwa fistula. Wengi huanza kuvuja baina ya siku ya 3 na ya 10.

Ule mkojo uliokuwa hautoki ndo ilikuwa alama yenyewe. Mie nikimtia mzazi mpira baada ya uchungu uliokwama nikaona mkojo umechanganyika na damu, siutoi mpira ule siku ya 3. Anakaa nao wiki 2 anakunywa maji mengi mpaka mkojo uwe mweupe, ili kibofu kikae kitupu na nyama ile isivutwe. Wako walitoa mapema. Siwezi kukuhakikishia ungepona, lakini hiyo nafasi ulinyimwa.

bint_micheweni
Bibi nimesoma nimelia. Kumbe ilikufa Alhamisi. Na mguu wa kushoto nilikuwa naukokota, vidole havinyanyuki, wakasema nimerogwa.

mkunga mstaafu
Hujarogwa. Mishipa ya fahamu ya mguu inapita ndani ya nyonga, kichwa kiliibana nayo. Wengi mguu hurudi pole pole kwa miezi, kwa mazoezi, wengine haurudi wote. Wako je?

bint_micheweni
Umerudi, ila ndara huvuka nikitembea haraka.

ummu_ng'ambo
Basi na mie ninayo, maana nikikohoa au nikicheka hunitoka mkojo tangu mtoto wa tatu. Nikanunue dawa gani?

mkunga mstaafu
Yako mwanangu siyo hiyo. Fistula haingoji kikohozi, umelala inavuja, umekaa inavuja, hata ukitoka kukojoa sasa hivi. Wewe ni misuli ya chini imelegea, nayo ina mazoezi yake. Ukiwa na shaka hospitali wanakutia dawa ya buluu kwenye kibofu na pamba kwenye njia ya uzazi, unatembea kidogo, pamba ikitoka na buluu tundu lipo.

baba_wanne
Mimi mwanamme lakini naomba niseme. Mke wangu mimba ya nne, ya pili alifanyiwa operesheni. Tuliambiwa azalie hospitali kubwa, sisi tuko kisiwa kidogo, boti haitoki maji yakitoka, tukasema aanze nyumbani kwanza. Uchungu ulikuwa mkali haumpi nafasi, akasema kovu linamuuma hata ukiachia. Mara kama saa 9 usiku ukakatika ghafla, kama taa inavozimwa. Mama akasema alhamdulillah kapumzika, tukampa chai. Lakini jasho la baridi, midomo myeupe, analalamika bega, na nilipomshika tumbo niliuskia mguu wa mtoto chini ya ngozi kabisa. Nikajua kuna kitu japo sijui nini. Kizazi kilikuwa kimechanika juu ya kovu. Chupa 4 za damu, mtoto hatukumpata, mama yupo.

Ninachouliza kila siku, kwa nini mke wangu kizazi kikachanika na huyu dada hakikuchanika wakati yeye alikaa siku 2?

mkunga mstaafu
Baba pole, Mungu akulipeni. Kizazi cha mimba ya kwanza kikichoka mara nyingi huzimia, uchungu unalegea, na kichwa kinabaki kimekwama kinaponda nyama. Ndo huyu binti. Kizazi kilichozaa kabla hakikubali kushindwa, kinaongeza nguvu, huku chini kinatanuka kinakuwa chembamba mpaka kinachanika, na chenye kovu kinaweza kuchanika mapema zaidi. Kabla ya hapo wengine tumbo hukatika kwa mkanda wa kuvuka chini ya kitovu, kama maboga mawili yamepandana, ukiuona huo msingoje asubuhi. Na uchungu mkali ukikatika ghafla mtoto hajatoka, si mapumziko. Damu inayovuja ndani huioni kwa nje, pengine chini hutoka kidogo tu.

Dawa za mitishamba za kuzidisha uchungu nazo, kwa mwenye kovu ni kama kumchana kwa mkono.

shoga_chake
Bibi mie hapo nakupinga kidogo, si kila mkunga wa mtaani mbaya, mie kanizalisha watoto 3 salama, na usiku ule hospitali gari haikuja.

mkunga mstaafu
Sijasema mbaya. Nasema aangalie saa. Uchungu umekolea saa 12 na mtoto hajaja, aseme mwenyewe hii si yangu.

shoga_chake
Na gari isipokuja?

mkarafuu_77
Bint, wewe ulitengenezwa? Shangazi kashakata tamaa, hata hitimani haendi, hukunja kanga mara nane akakaa pembeni ya jamvi.

bint_micheweni
Nilivuka Dar, hospitali ya CCBRT, hawakunitoza operesheni. Mara ya kwanza haikushika, ya pili imeshika, nilikaa na mpira wiki 2. Wakaniambia mimba nyengine nisijaribu kusukuma, nije nipasuliwe. Mwambie shangazi asihesabu miaka, wodini kulikuwa na mama ana 20.

nduguye_mzazi
Samahani nimechelewa. Wifi yangu kajifungua Jumapili baada ya siku moja na nusu, mpira wametoa jana, leo anasema kanga inalowa kidogo kidogo. Tumwambie anywe maji?

mkunga mstaafu
Maji anywe, na arudi leo hii hii, msingoje siku ya 10. Tundu dogo likiwahiwa na mpira ukarudishwa wiki 4 mpaka 6, mengine huziba bila kisu. Waambie uchungu ulichukua saa ngapi, wasiposikia waambie tena. Mko wapi?

nduguye_mzazi
Kojani. Nashuka bandarini sasa hivi kutafuta mtu wa kutuvusha.