Meseji iliyovurugika: mfumo uikumbuke au uitupe?

Nahodha_Shela: Asalaam aleikum. Nimetengeneza mfumo wa kujibu wateja wa boti, Mokowe hadi Shela. Modeli ya akili bandia inayoandika majibu haina kumbukumbu yake, kwa hiyo kila mteja akiandika naipelekea mazungumzo yote upya. Juzi mteja aliagiza boti ya saa moja asubuhi, watu 4. Kisha simu ikajiandika mfukoni mwa kanzu: "jjkk 77 hgf saa". Mfumo ukajibu, "Sawa, watu 77?" Yeye, akidhani anaulizwa safari, akaandika "ndiyo". Nikapata oda ya watu 77! Niwe nafuta meseji kama hizo?

Kijana_Langoni: Futa, ami. Linganisha maneno na kamusi. Yakikosekana mengi, tupa.

Bi_Mkomani: Kamusi gani hiyo? Mimi naandika "ndoo" nikimaanisha njoo, na "ndia" nikimaanisha njia. Mtatufuta Waamu wote.

Nahodha_Shela: Kufuta nilishajaribu. Jibu la mfumo la "samahani, sijaelewa" likabaki bila swali lake, basi mfumo ukawa unaomba radhi kila mara, hata kwa meseji safi.

Fundi_Mifumo: Hapo ulikata upande mmoja tu. Modeli huendeleza inachokiona, na ikiona radhi itaomba radhi. Lakini usifute papo hapo, maana mteja akisema "hiyo nimeandika kwa bahati mbaya", "hiyo" itakuwa haipo. Ujumbe halisi uhifadhi kwenye hifadhidata, ila kwenye mazungumzo weka alama badala yake:

```
{"role": "user",
 "content": "[ujumbe haukusomeka]"}
```

Namba 77 haitaonekana tena. Mteja akishaandika vizuri, ondoa alama na jibu lake kwa pamoja. Ukiondoa kimoja, zitafuatana meseji mbili za upande mmoja, na baadhi ya mifumo huzikataa.

Halafu idadi ya watu na saa viweke pembeni, nje ya mazungumzo. Visibadilike mpaka mteja aulizwe kwa ukamilifu: "Ulisema 4, sasa ni 77?" Swali la namna hiyo si rahisi kulijibu kwa "ndiyo" ya usingizi.

Mzee_Wa_Jahazi: Mimi simu yangu hufuta meseji yenyewe ikijaa. Dawa yake nini?

Kijana_Langoni: Mzee, hayo ni mengine, futa picha. Fundi, nani aamue kwamba haikusomeka, kama si kamusi?

Fundi_Mifumo: Mpe modeli ujumbe pamoja na meseji mbili tatu za kabla, uiulize kama mteja ameomba kitu. "Ndoo" baada ya "boti iko wapi" inaeleweka. Ukiwa na shaka, ubakize.

Nahodha_Shela: Na huu wa leo: "tumekuwa 6 lkn mmm mtt 9 hgg"? Mtoto mmoja wa miaka 9, au watoto 9?

Fundi_Mifumo: Huo usiuguse. Nusu yake ni habari, na alama itaimeza. Mimi ningeubakiza ulivyo na kuuliza habari ya mtoto tu.

Bi_Mkomani: Mimi ningempigia simu.