Mrejesho: Kiboksi cha mtindi cha Peltier

Niliuliza: "Wakuu, TEC1-12706 yangu inapoza dakika tano tu, kisha boksi linapata joto. Imeungua?"

Haikuungua. Moduli hiyo ya Peltier ikipewa umeme huvuta joto upande mmoja na kulitupa upande wa pili. Kosa lilikuwa mapezi ya alumini ya upande wa moto, madogo kama kiberiti. Kwa volti 12 inakula ampea 4.5, yaani wati 54, huku ikiondoa joto la wati kama 18 tu ndani ya boksi. Mimi nilipigia hesabu hizo 18, kumbe mapezi yanabeba zote: wati 72! Mapezi yanayopanda digrii 1 kwa kila wati yangepanda digrii 72, na joto hilo linarudi ndani kupitia moduli yenyewe, maana ni kipande chembamba cha milimita 4.

Nimefunga kipoza prosesa cha kompyuta kuukuu, chenye mirija ya shaba na feni, kama digrii 0.2 kwa wati. Kinapanda digrii 14. Hapa Uyole, Mbeya, nje ni 22, ndani nimepata 9.

Ila ulafi wa umeme haujaisha: umeme mwingi unageuka joto humo humo kwenye moduli. Na nikizima, joto linarudi upesi, kwa hiyo mtindi nauhamisha kabla ya kulala.