Nikivuta kwa nguvu zaidi siendi mbali zaidi. Kosa liko mkononi, mwilini au miguuni?

Ngalawa77
Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kwenye fristaili. Nilijifunza kuogelea ukubwani, sasa ni mwaka na nusu. Kwenye bwawa la mita 25 naenda urefu mmoja kwa sekunde 32 na mivuto 26, nikihesabu kila mkono. Juzi nilikaza: mivuto ikapanda mpaka 31, muda ukapungua sekunde moja tu, na nikafika ukutani pumzi imekata. Nilishaambiwa nivute kwa nguvu, nikaambiwa nigeuze mwili, nikaambiwa nipige miguu. Nikishughulikia kimoja, viwili vinaharibika. Napumulia kulia. Nianzie wapi?

Kibua
Mkuu, achana na mikono. Nguvu ya fristaili iko nyongani. Mwangalie mtu anayerusha ngumi: anageuza kiuno, mkono unafuata. Wewe geuza mwili mpaka kitovu kitazame ukuta wa pembeni, kila mvuto. Nilivyofanya hivyo mivuto yangu ilipungua minne.

BiShani
Tupate vipimo kwanza. Ngalawa, bana boya katikati ya mapaja, ogelea mita 25 bila kupiga miguu, utupe mivuto na muda. Halafu mtu akurekodi kutoka mbele, kamera ikiwa chini ya maji. Tazama jambo moja tu: unapopumua kulia, mkono wa kushoto unafanya nini?

Mama Kasa
Naomba nami nisaidiwe hapahapa. Nimeanza kuvaa makasia ya viganjani ili nivute maji mengi, sasa bega la kulia linachoma kila nikiingiza mkono. Niendelee au nipunguze?

BiShani
@Mama Kasa yavue leo, dada. Kasia linaongeza mzigo juu ya kosa lililopo. Mara nyingi mkono unaingia ukivuka mbele ya pua kwenda upande wa pili, na bega linabanwa. Ingiza mkono sambamba na bega lake, vidole vitangulie, si dole gumba. Maumivu yakiendelea bila makasia, mwone mtu wa tiba ya viungo.

Ngalawa77
Nimerudi. Kwa boya: mivuto 23, sekunde 30. Yaani bila miguu naenda kasi zaidi! Kwenye video, ninapopumua mkono wa kushoto umenyooka na unabonyeza maji kwenda chini, kiwiko kiko chini kuliko kiganja. Papo hapo miguu inaachana kama mkasi.

BiShani
Basi jibu lako liko kwenye hiyo video, na ni kosa moja lenye sura tatu.

Unapotafuta hewa unageuka kupita kiasi na kuinua kichwa. Kichwa kinahitaji pa kuegemea, kwa hiyo mkono wa kushoto unabonyeza chini. Maji yakisukumwa chini yanakuinua kifua na kuzamisha nyonga, hayakupeleki mbele. Maji yanayokupeleka mbele ni yale unayoyasukuma nyuma tu. Mkono unapofika mahali pa kusukuma nyuma, kiwiko kimeshaanguka na kiganja kinateleza. Na kwa kuwa umegeuka mno, miguu inaachana ili usipinduke, ikawa breki. Ndiyo maana boya limekusaidia. Boya huinua nyonga, hivyo nafuu fulani ni ya kawaida, lakini mivuto mitatu na sekunde mbili zinaonyesha miguu yako inakuzuia.

@Kibua, nyonga ni kweli zinahusika, ila mfano wa ngumi una pengo. Anayerusha ngumi anakanyaga ardhi. Majini hakuna ardhi. Nyonga zinageuka zikiegemea mambo mawili tu: maji yaliyoshikwa na mkono, na teke. Mkono ukiteleza, hata ukigeuza kiuno vipi utageuka palepale ulipo.

Mpangilio ni huu. Mkono wa kushoto umenyooka mbele, uso umesharudi majini. Kiwiko kinabaki karibu na uso wa maji, vidole vinaelekea chini, mpaka kigasha chote kitazame nyuma kama ubao. Hapo umeshika maji. Mkono wa kulia unapoingia mbele, mguu wa kushoto unapiga teke chini. Teke hilo linanyanyua nyonga ya kushoto, mwili unageukia kulia, na mkono wa kushoto unavuta wakati huohuo. Vyote vitatu vinakutana kwenye nukta moja. Mabega yakigeuka kama nusu ya njia ya kulala ubavu yanatosha, na nyonga hugeuka kidogo kuliko mabega.

Kwa wiki mbili fanya hivi. Lala ubavu, mkono wa chini mbele, piga mateke sita, pumua jicho moja likiwa majini, rudisha uso, *kisha* vuta mara moja na kugeuka. Baada ya hapo ogelea mita 25 umekunja ngumi. Kiganja hakipo, kwa hiyo kigasha kitalazimika kushika. Hesabu mivuto ya ngumi. Ikikaribia ya kawaida, ujue kigasha kimeanza kazi.

Kibua
Nimekuelewa kuhusu ardhi. Nilikuwa nahesabu mivuto tu, muda sikupima kabisa.

Pweza
Hapo kwenye mivuto tuwe waangalifu. Mtu akiambiwa asubiri uso urudi, anaanza kuteleza mkono mmoja mbele bila kufanya chochote. Maji hayasubiri, kasi inashuka katika kila pengo, halafu unalipa tena kuirudisha. Waogeleaji wa mita 50 hawana pengo hilo, na wengi wanageuka kidogo sana. Mimi sikubali kwamba mgeuko unaongeza nguvu ya mvuto. Naona unaupa bega nafasi tu.

BiShani
@Pweza kuhusu pengo nakubaliana nawe kabisa. Kuhusu nguvu, mimi nahisi msuli mpana wa mgongo unafanya kazi vizuri zaidi mwili ukiwa umegeuka, lakini huo si uthibitisho. Kwa Ngalawa haibadilishi kitu: tatizo lake ni kugeuka mno upande mmoja.

Ngalawa77
Mrejesho baada ya wiki tatu. Siku ya kwanza ya ngumi ilinichukua mivuto 35, jana 28. Katikati nikaingia kwenye shimo alilosema Pweza: nilishusha mivuto hadi 20 nikafurahi, kutazama saa ni sekunde 33. Nikaacha kusubiri, nikaanza kushika maji mara tu uso unaporudi. Sasa ni mivuto 22, sekunde 29, na nafika ukutani naweza kuongea. Kwenye video mkasi umebaki kidogo tu. Kilichonishangaza ni uchovu: umehama begani, uko chini ya kwapa.

Ila teke moja kwa kila mvuto linanikaa vizuri, nikijaribu matatu napoteza mpangilio. Ian Thorpe alipiga sita kwa mzunguko mzima hata kwenye mita 400. Nilazimishe?

BiShani
Vifundo vyake vilikuwa laini sana, teke lake lilikuwa linasukuma kweli. Pima vyako: mateke matupu na ubao, mita 25, utuletee muda.

Pweza
Mimi ningemwachia teke moja moja kwa umbali mrefu. Miguu inakula hewa nyingi kwa faida ndogo.

Ngalawa77
Kesho asubuhi napima na ubao. Na kupumulia kushoto bado nakunywa maji.