Thamani ya stoo: rekodi zilezile, majibu matatu. Kosa liko wapi?

Mtunza Stoo: Wakuu, naombeni msaada. Bidhaa ni moja tu. Tarehe 2 tulinunua 100 kwa bei ya 10 kila moja, tarehe 9 tukanunua 100 kwa 12, tarehe 14 tukauza 100. Tarehe 20 tukanunua 100 kwa 14, tarehe 27 tukauza 120. Zimebaki 80, nimezihesabu kwa mkono mara mbili. Kwa fifo, yaani mzigo wa kwanza kuingia ndio wa kwanza kutoka, napata stoo ya 1,120. Kwa wastani, nikipiga mwenyewe, napata 960, lakini programu inasema 1,000. Nimekesha na hili, na kesho nafunga mwezi.

Kalamu Nyekundu: Programu imekosea. Jumlisha bei tatu, 10, 12 na 14, gawa kwa 3, unapata 12. Zidisha kwa 80, ni 960.

Bibi Leja: Hapana, Kalamu. Hiyo 12 imetoka sawa kwa sababu kila mzigo ulikuwa wa 100. Mzigo wa mwisho ungekuwa 200, gharama yote ingekuwa 5,000 kwa bidhaa 400, na wastani ungekuwa 12.5. Gawa gharama yote kwa idadi ya bidhaa, usigawe jumla ya bei kwa idadi ya bei.

Mtunza Stoo, hakuna kosa. Wewe umepiga wastani mmoja wa mwezi mzima: 3,600 kwa 300. Programu inapiga upya kila mzigo unapoingia. Tarehe 9 ilikuwa na bidhaa 200 za 2,200, yaani 11 kila moja. Mauzo ya tarehe 14 yakaondoka na 1,100, zikabaki 100 za 1,100. Ukaingia mzigo wa 1,400, ikawa 2,500 kwa 200, yaani 12.5. Zidisha kwa 80. Mzigo wa bei ya 14 haukugusa mauzo ya tarehe 14, kwa kuwa ulikuwa bado haujafika. Kiwango cha kimataifa cha hesabu za stoo kinakubali njia zote mbili za wastani, na fifo pia.

Jipime hivi: gharama ya mauzo ukijumlisha na stoo lazima irudi 3,600. Fifo ni 2,480 na 1,120, programu 2,600 na 1,000, wewe 2,640 na 960. Isiporudi, hapo ndipo utafute kosa.

Rafu ya Juu: Sisi tunapanga mzigo wa zamani mbele ili usiharibike, kwa hiyo kwetu lazima iwe fifo.

Bibi Leja: Huo ni mpangilio wa rafu, ndugu yangu. Vitabu vinaweza kutumia wastani hata hivyo.

Kalamu Nyekundu: Nimekuelewa kuhusu bei. Ila fifo daima inaonyesha faida kubwa zaidi.

Bibi Leja: Bei zikipanda, ndiyo. Zikishuka, inageuka.

Mtunza Stoo: Asante sana, mama. Zote tatu zimerudi 3,600. Limebaki moja: mwezi uliopita niliufunga kwa wastani wa mkono, na programu imeanza mwezi huu. Je, niurudie ule wa nyuma?