Ati "kwani hukuiandika?" Fundi wa ngazini kanifungia laptopu kisha kaniuliza mimi!

MamaKontena:
Nyote mnamjua. Yule wa chini ya ngazi Mwembe Tayari, mwenye feni mbili na maneno elfu. Simtaji, hana haja ya kutajwa.

Alhamisi nimempelekea laptopu kwa ajili ya feni. Feni tu! Ilikuwa ikinguruma mpaka jirani waniuliza kama nasaga nafaka. Jioni kanirudishia, yuwatabasamu: "Mama, nimekuwekea na BIOS mpya, bure." Nani alimwomba BIOS?

Jana asubuhi naiwasha ofisini, skrini imejaa buluu:

```
BitLocker recovery
Enter the recovery key for this drive
```

Yataka tarakimu 48. Arubaini na nane! Hata namba ya kontena haifiki hapo. Na kontena mbili za mteja wangu ziko Kilindini, karatasi zote zimo humo ndani, na storeji inahesabu siku.

Nikamkimbilia. Nimemkuta yuwala viazi karai, ukwaju unamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, wateja watatu wamekaa kwenye benchi. Nikamweleza. Akalamba kidole, akanitazama, akasema: "Kwani hukuiandika?"

KWANI HUKUIANDIKA! Mbele ya watu! Namba ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe!

KijanaWaTudor:
Pole mama. Hicho ni kirusi. Usiandike chochote hapo, watakuomba pesa.

BabuSaiba:
Mama, geuza laptopu chini, kuna stika. Ile namba ya pale ndiyo yenyewe. Mimi nimefungua nyingi hivyo.

Nahodha_Kisauni:
Babu, hiyo ya stika ni ya leseni ya Windows, ina herufi na tarakimu 25. Hii ya BitLocker, kufuli ya Windows ya kufungia diski, ni tarakimu tupu, mafungu manane ya sita sita. Haikai kwenye stika.

Na si kirusi. Laptopu ikiwaka, kila kipande hupimwa kabla hakijaanza kazi, na kipimo huhifadhiwa ndani ya chipu ya TPM. Ufunguo wa diski umefungiwa humo kwa vipimo vya siku ile. BIOS, ile programu ya kwanza kuamka laptopu ikiwashwa, ikibadilishwa, kipimo cha kwanza kabisa si kile tena, na chipu hukataa kuutoa. Haiwezi kujua kama aliyebadilisha ni fundi wa feni au ni mwizi.

Mama, aliiweka BIOS kutoka ndani ya Windows au kwa flashi?

MamaKontena:
Flashi. Nilimwona kwa macho yangu, flashi nyekundu, kaichomeka kisha akawasha huku akibonyeza kitufe kama anatwanga kisamvu. Halafu leo aniuliza hukuiandika!

Nahodha_Kisauni:
Basi kosa ni hapo. Programu nyingi za watengenezaji, ukizitumia ndani ya Windows, huusimamisha ulinzi zenyewe kabla ya kuanza. Ukipita kwa flashi kwenye menyu ya BIOS, Windows haina habari. Alitakiwa kwanza afungue dirisha la amri kama msimamizi aandike mstari mmoja:

```
manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 1
```

Mafaili yanabaki yamefungwa vile vile, ila ufunguo wake unaachwa wazi kwenye diski kwa muda. Windows ikiwaka mara moja ulinzi hurudi wenyewe, na ufunguo hufungiwa upya kwa vipimo vipya. Mimi huweka 2, kwa kuwa ziko bodi zinazojizima na kuwaka zaidi ya mara moja. Katika muda huo laptopu isitoke mezani, maana atakayeiiba ataifungua bila kuulizwa kitu.

KijanaWaTudor:
Sawa si kirusi. Basi arudishe BIOS ya zamani, vipimo vitalingana, itafunguka.

Nahodha_Kisauni:
Yawezekana, mradi toleo ni lile lile na mipangilio ni ile ile. Lakini ziko bodi zinazokataa kurudi nyuma. Na mtu yeyote asiguse pale pa kufuta TPM. Ukiifuta, hata ukirudisha BIOS ya mwaka gani, haisaidii.

KijanaWaTudor:
Mimi ya kwangu ilirudi ikafunguka.

Nahodha_Kisauni:
Yako ilikubali. Yake hatujaijua.

ShangaziMtwapa:
MamaKontena nawe, laptopu ya kazi huna nakala popote? Hata kwenye imeli? Umemtukana fundi mistari ishirini.

MamaKontena:
Shangazi, nakala ninazo za mwezi uliopita. Hizi kontena ni za juzi. Na hata kama ningekuwa na nakala mia, mtu hanitii aibu mbele ya benchi zima, mdomo umejaa viazi!

Nahodha, nimeingia aka.ms/myrecoverykey kwa simu. Nimekuta ufunguo mmoja. Nimeandika zote 48, inakataa.

Nahodha_Kisauni:
Tazama pale skrini ya buluu, pana mstari wa Recovery key ID. Herufi nane za mwanzo zinalingana na za ufunguo uliouona kwenye simu?

MamaKontena:
Hazilingani. Huu ni wa laptopu yangu ya kwanza, iliyofia maji ya mvua.

Nahodha_Kisauni:
Nani aliyeiwashia BitLocker hii ya sasa? Ufunguo unakwenda kwenye akaunti ya aliyewasha, hata kama laptopu ni yako.

BabuSaiba:
Huyo fundi wa ngazini mimi alinibadilishia betri ya simu, ikavimba kama mahamri. Nikamrudia, akaniambia nimeilalia.

Mlango_wa_Papa:
Betri afadhali. Printa yangu iko kwake tangu Ramadhani. Kila nikienda, "spea iko njiani".

MamaKontena:
Ni mpwa wangu! Aliniandalia yeye, kwa imeli yake. Nimempigia, yuko darasani, kanitumia picha. Herufi nane zimelingana. Imefunguka saa tisa kasorobo, karatasi zimetoka.

Nimeandika ile amri ya kutazama kama ulivyonitumia pembeni, Nahodha:

```
manage-bde -protectors -get C:
PCR Validation Profile:
  0, 2, 4, 11
```

Nahodha_Kisauni:
Ndiyo maana. Hizo ni namba za vipimo ambavyo ufunguo umefungiwa, na hiyo 0 ndiyo BIOS yenyewe. Yaelekea Secure Boot, ule ulinzi unaokubali kuwasha programu zenye saini tu, ilikuwa imezimwa siku mpwa wako alipowasha BitLocker. Ingekuwa inafanya kazi, kwa kawaida ungeona 7 na 11, na BIOS mpya isingekusumbua hivi, labda ibadilishe funguo za Secure Boot zenyewe. Hiyo Secure Boot usiiwashe sasa hivi lakini. Simamisha ulinzi kwanza, ama tutarudi kwenye buluu. Na hizo tarakimu ziandike kwenye karatasi, isiwe ndani ya mfuko wa laptopu.

MamaKontena:
Nimeziandika. Kesho namwendea na karatasi, nimsomee zote 48, moja moja, mbele ya benchi lake. Kwani hukuiandika!

Mlango_wa_Papa:
Ukifika, niangalizie printa. Nyeusi, ina ufa kwenye trei.

BabuSaiba:
Nyeusi yenye ufa? Hiyo aliniuzia mimi mwezi wa sita.

Mlango_wa_Papa:
Babu, uko wapi sasa hivi?